Maua ya karatasi ya ukutani: utengeneze mwenyewe au ununue? Piga hesabu hii kwanza

Muuzaji mwenzangu, kama unauza au unakodisha mapambo ya sherehe mtandaoni, hili umeshalisikia: "Usinunue yale maua makubwa ya karatasi, tengeneza mwenyewe, manila ni buku tu." Ni kweli manila ni rahisi. Lakini ua halitengenezwi kwa manila peke yake, na wengi wanaouza maua ya mkono wanapanga bei kwa kuhesabu karatasi na gundi tu. Mwisho wa mwezi wamefanya kazi sana, oda zimeisha, na hela haionekani.

Leo tuchukue oda moja tu, tuipige hesabu mpaka mwisho. Mteja yuko Dar, ana sherehe ya mtoto, anataka maua 12 ya ukutani, sita ya pinki na sita meupe, yale makubwa yenye upana wa sentimita 35 hadi 40. Bei nitakazoweka hapa ni za mfano ili tuone njia. Wewe futa, weka za duka lako.

Ua lenyewe likoje

Ua tunalolizungumzia lina tabaka tatu. Chini kuna petali tano kubwa, zinakatwa kutoka kwenye mraba wa sentimita 20 kwa 20. Juu yake tano za sentimita 15 kwa 15. Katikati nne ndogo za sentimita 10 kwa 10. Kila petali unaichana kidogo chini, kama sentimita nne kwa zile kubwa, unapandisha upande mmoja juu ya mwingine na kubandika, ndipo inajikunja kama kikombe. Ncha za juu unazizungushia kwenye kalamu au mpini wa ufagio zilegee. Nyuma unaweka duara la boksi gumu, ndiyo inayoshika kila kitu.

Kwa hiyo ua moja ni petali 14. Maua 12 ni petali 168. Iandike hiyo namba mahali, maana kila dakika utakayoipoteza kwenye petali moja inajirudia mara 168.

Upotevu unaanza kwenye rula, sio kwenye mkasi

Watu wakisikia material imeharibika wanafikiria petali iliyochanika au gundi iliyomwagika. Hiyo ipo, lakini ni ndogo. Upotevu mkubwa unatokea kabla hujakata chochote, pale unapochagua saizi ya petali.

Tuseme manila yako ni sentimita 60 kwa 90 (pima ya kwako, zinatofautiana). Petali kubwa ya sentimita 20: upande wa 60 zinakaa tatu, upande wa 90 zinakaa nne na kinabaki kipande cha sentimita 10. Jumla petali 12 kwa karatasi moja. Sasa umeona ua la mtu mtandaoni, ukasema la kwako liwe kubwa kidogo, petali iwe sentimita 22. Upande wa 60 zinakaa mbili tu. Upande wa 90 zinakaa nne. Jumla nane. Umeongeza sentimita mbili ambazo mteja hatazijua akiangalia ukuta kwa mbali, na umepoteza petali nne kwenye kila karatasi. Kama manila ni shilingi 1,000, petali iliyokuwa inakugharimu kama shilingi 83 sasa ni 125.

Ukienda upande wa pili, petali ya sentimita 18, upande wa 60 bado ni tatu, lakini upande wa 90 zinakaa tano. Jumla 15. Ndiyo maana mtu anayefanya biashara hii kwa siriasi anaanza na rula na karatasi ya chakavu, anachora miraba, halafu ndipo anaamua ua lake liwe na ukubwa gani. Karatasi ndiyo inakupangia saizi.

Turudi kwenye oda yetu na tubaki na ile petali ya 20. Kile kipande cha sentimita 10 kwa 60 kilichobaki pembeni usikitupe. Kinatoa petali ndogo sita, zile za katikati. Na zile za sentimita 15 zinaingia kwenye 60 kwa 90 bila kubakisha kitu: nne kwa sita, petali 24. Nimezichagua saizi hizi tatu kwa sababu hiyo.

Kwa rangi moja, tuseme pinki, maua sita yanataka petali kubwa 30, za kati 30 na ndogo 24. Karatasi mbili za kwanza zinakupa kubwa 24, na vipande vya pembeni vinatoa ndogo 12. Karatasi ya tatu unakata kubwa sita zilizobaki, na sehemu inayobaki inatosha za kati 12. Karatasi ya nne unakata za kati 18, na mabaki yake yanatoa ndogo 12. Imetimia. Karatasi nne za pinki, nne nyeupe, jumla nane.

Lakini angalia imetimia kwa namna gani. Hakuna hata petali moja ya ziada. Ukichana moja, gundi ikidondokea nyingine, au kidole chenye jasho kikiacha alama kwenye nyeupe (nyeupe haisamehi kabisa), umekwama. Na petali nyeupe haiwezi kuziba pengo la pinki. Kwa hiyo kila rangi inadai karatasi yake ya akiba. Hapo ni karatasi 10, sio nane. Mteja akitaka rangi tatu, maua manne kila rangi, zinahitajika karatasi tatu kwa kila rangi na moja ya akiba kwa kila rangi, jumla 12. Maua ni yaleyale 12, ila kila rangi aliyoongeza mteja imekuja na akiba yake. Mara nyingi tunasema "rangi yoyote, bei moja" bila kujua hilo.

Na akiba uinunue siku hiyohiyo, duka hilohilo. Pinki ya leo na pinki ya wiki ijayo zinaweza kutofautiana, na taa za dukani zinaficha. Zitoe nje uziangalie juani kabla hujalipa. Utakuja kuligundua kwenye picha za mteja, na hapo umechelewa.

Gundi na vifaa

Tunatumia bunduki ndogo ya gundi ya umeme, ile ya vijiti vyembamba. Weka vijiti viwili kwa ua moja, kwa hiyo 24. Kwa shilingi 250 kila kimoja ni 6,000.

Umeme usikusumbue. Bunduki ndogo ya wati 20 ukiiwasha saa tano nzima inakula sehemu ya kumi ya yuniti moja. Kinachosumbua ni bunduki yenyewe kufa. Tuseme uliinunua 10,000 na kwa uzoefu wako zinadumu maua 100 hivi kabla hazijaanza kuvuja nyuma au kitufe kukwama. Hapo kila ua linabeba shilingi 100 ya bunduki. Maua 12 ni 1,200. Mkasi wa 6,000 unaodumu maua 300 kabla haujaanza kutafuna karatasi ni shilingi 20 kwa ua, jumla 240. Ni hela ndogo, lakini ni hela ambayo siku ikidaiwa inadaiwa yote kwa mpigo, tena katikati ya oda. Njia rahisi ya kujua vifaa vyako vinadumu vipi ni kuandika tarehe na bei kwa kalamu kwenye boksi la bunduki siku unayoinunua, halafu kwenye daftari unahesabu maua mpaka ife.

Maboksi ya mgongo wa ua tuseme unaokota bure dukani kwa jirani. Nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi tuweke 2,000.

Hela inayotoka mfukoni kutengeneza maua 12: manila 10,000, gundi 6,000, vifaa 1,440, nauli 2,000. Jumla 19,440.

Saa zako

Hapa ndipo wengi wanaruka. Washa saa ya simu siku ya oda, andika kila hatua. Kwa mtu ambaye mkono umeshazoea, oda hii inakuwa kama hivi. Kwenda sokoni na kurudi, saa tatu. Kuchora na kukata petali 168, saa mbili na nusu, na hapo unakata karatasi mbili au tatu kwa pamoja. Kuchana, kukunja na kubandika kila petali, kama dakika moja kila moja ukihesabu na zile sekunde za kuishikilia mpaka gundi ikamate, ni saa mbili na dakika 50. Kuunganisha ua, dakika 10 kila moja, saa mbili. Kupanga kwenye boksi na kufunga, dakika 40. Jumla saa 11.

Kumbuka kukata kwa mkasi, ambako ndiko watu wanakufikiria wakisema "kutengeneza maua", ni chini ya robo ya muda wote. Ukinunua mashine ya kukatia ili uokoe muda, unaokoa kwenye hiyo saa mbili na nusu tu. Kukunja na kubandika kutabaki kulekule.

Saa moja yako uithaminishe shilingi ngapi? Usikisie. Jiulize ungemlipa nani akufanyie. Kama kijana wa mtaani kwako anakubali 12,000 kwa siku ya saa nane, saa ni 1,500. Hiyo ndiyo sakafu. Saa 11 ni 16,500.

Ukijumlisha na ile 19,440, maua 12 yamekugharimu 35,940. Ua moja ni shilingi 2,995. Yule aliyehesabu manila nane na gundi tu anaamini ua lake limemgharimu kama 1,167, na akiliuza 2,500 anajua amepata faida zaidi ya mara mbili. Kumbe kila ua linamdai kama 500.

Na kununua nako kuna gharama zake

Sasa tuwe waadilifu. Ua la tayari la saizi ileile dukani tuseme ni 2,500. Wengi wanalinganisha 2,500 hii na 2,995 yetu na kusema bora kununua. Hapana. Sokoni utaenda vilevile, nauli 2,000 ni ileile na saa tatu ni zilezile. Kufunga boksi dakika 40 ni ileile. Na maua ya tayari yanakuja yamebanwa. Kwenye kundi lolote kuna lililokunjika vibaya au lililoachia gundi, na mwenye duka harudishi. Kwa hiyo nunua 13 ili upate 12 ya kumpa mteja.

Maua 13 ni 32,500. Weka nauli 2,000, inakuwa 34,500 mfukoni. Saa tatu na dakika 40 kwa 1,500 ni 5,500. Jumla 40,000, ua moja ni 3,333.

Kwa hiyo kwenye oda hii, kwa bei hizi, kutengeneza kumeshinda, lakini kwa shilingi 338 tu kwa ua. Sio ile tofauti kubwa watu wanayoisimulia.

Kuna njia fupi ya kuliona hili bila kujaza daftari. Chukua tofauti ya hela ya mfukoni tu: 34,500 toa 19,440, unapata 15,060. Halafu chukua saa za ziada ulizotumia kwa sababu uliamua kutengeneza: 11 toa zile tatu na dakika 40, zinabaki saa saba na dakika 20. Gawanya. Mkasi wako umekulipa shilingi 2,054 kwa saa. Hiyo namba moja ndiyo ya kuiangalia. Ikiwa juu ya 1,500 yako, tengeneza. Ikiwa chini, nunua.

Halafu ichezee uone inavyoyumba. Kama duka linakuruhusu kufungua na kukagua kila ua kabla ya kulipa, huhitaji lile la 13. Namba inashuka mpaka 1,713. Ua moja tu limekula zaidi ya shilingi 300 kwenye kila saa yako.

Mara ya kwanza kabisa ni habari nyingine. Mkono bado mzito, zile saa saba zinakuwa 14 bila hata kushangaa, na umeharibu karatasi tatu za ziada. Hapo unabaki na 12,060 kwa saa 14, ambayo ni shilingi 861 kwa saa. Kwa oda ya mteja anayelipa, hiyo ni hasara ya wazi. Ndiyo maana oda ya kwanza ya rangi au muundo mpya usiikubali kwa bei ya kawaida huku unajifunza. Jifunze kwa maua mawili ya nyumbani, yapige picha uyaposti, halafu ndipo upokee oda.

Na Desemba je? Kama msimu huo ukikaa na simu saa moja unajibu wateja WhatsApp na kufunga mauzo yanayokuachia 3,000, basi kila saa unayokata petali inakukosesha 3,000 na kukupa 2,054. Msimu wa juu nunua ya tayari, au mlipe yule kijana akate wewe uuze. Februari simu imelala, kata mwenyewe.

Vitu viwili vinavyogeuza hesabu

Cha kwanza ni usafirishaji. Ua la mkono likishakunjwa halilali tena. Maua 12 ni boksi kubwa la kupanda bajaji, wakati feni za karatasi na maboli ya karatasi ya tayari vinakuja vimelala bapa, unavifungua ukumbini, na bodaboda anavibeba kwenye mfuko. Oda ya mkoani kwa basi tofauti hiyo ya mzigo inaweza kumeza ile 338 yote na kukuachia deni. Kuna wanaotuma ua nusu, petali zimeshakunjwa lakini halijaunganishwa, zinapachikana kama bakuli na mteja anamalizia mwenyewe. Inawezekana, ila mwambie mapema kwamba atahitaji bunduki ya gundi.

Cha pili ni jua na unyevu. Gundi ya moto inalainika ikipata joto tena. Boksi lililoachwa ndani ya gari lililofungwa juani saa sita mchana linaweza kufika na petali zimeteleza. Na hewa ya pwani inalegeza manila, zile ncha ulizozikunja zinaanza kunyooka. Utajua mapema ukilining'iniza ua la kwanza ukutani usiku kucha. Kama asubuhi petali za chini zimeinama, karatasi yako ni nyepesi mno na utafute manila nzito zaidi kabla hujakata zile 154 zilizobaki. Ua la mkono lisikae zaidi ya siku mbili tatu kabla ya sherehe, na hilo maana yake huwezi kutengeneza ya akiba wakati wa msimu mdogo ukayaweka stoo. Petali bapa zilizokatwa tu, hizo unaweza. Zifunge kwenye mfuko wa nailoni, weka kitu kizito juu, andika rangi na saizi.

Kwenye kununua kuna mtego wake pia: seti. Mteja anataka maua manane, seti ni ya 12, manne yanabaki. Yakibaki ya pinki yatauzika. Yakibaki ya kijani cha sijui nini, weka bei yake yote kwenye yale manane, maana hayo ndiyo yamelipa. Na ukiagiza kwa picha, omba picha ua likiwa limefunguliwa na rula iko pembeni. "Sentimita 40" ya muuzaji wakati mwingine ni ncha hadi ncha ya petali zilizonyooshwa, na likishakunjwa linabaki 30.

Mteja akikuuliza bei ya maua 12 kabla hujaenda sokoni, mjibu kwa ile gharama kubwa kati ya mbili, yaani 3,333, uongeze faida yako juu yake. Usimjibu kwa 2,995. Siku utakayoamka na homa, au bunduki ikafa usiku wa kuamkia sherehe, utakimbilia Kariakoo kununua ya tayari, na bei uliyompa inabidi iweze kuyalipia.